Kabla Hujalipa Ile Elfu Tatu

(Maneno haya niliyasema mbele ya madereva wa matatu na magari ya mizigo waliokutana Kilifi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka, na nimeondoa pale nilipokatizwa na honi.)

Mwenyekiti, wazee wangu, kina mama mliotangulia kukaa mbele, na nyinyi vijana mlioegemea magari huko nyuma: hamjambo.

Mwenyekiti aliniomba nije nifundishe haki za dereva. Nikamwambia haki za dereva ni nyingi na jua la Kilifi ni kali, afadhali nichague moja. Basi leo nazungumzia zile dakika tano kati ya afande kukwambia "umekimbia" na wewe kuingiza mkono mfukoni. Mimi ni wakili, na kesi nyingi za trafiki ninazoletewa huwa zimeshaharibika ndani ya dakika tano hizo. Mtu hunijia amekwisha kukiri kosa, kisha anataka nimtetee asilolifanya.

Nianze na karatasi. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 117, inamruhusu polisi, kwa makosa yanayoitwa madogo, akuandikie ilani badala ya kukukamata. Ilani hiyo inataja kosa, mahali, saa, gari, na siku ya kufika mahakamani. Mwaka 2016 zilitoka kanuni za makosa madogo, na ndani yake mna orodha ya faini za papo hapo, kila kosa na bei yake. Kutofunga mkanda ni shilingi 500. Kutokuwa na leseni mkononi unapoulizwa ni 1,000. Kushika simu huku unaendesha ni 2,000. Kupita na gari juu ya njia ya waendao kwa miguu ni 5,000.

Kwenye mwendo wameweka ngazi. Ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni onyo tu. Kutoka 6 hadi 10 ni 500. Kutoka 11 hadi 15 ni 3,000. Kutoka 16 hadi 20 ni 10,000. Ngazi zinaishia hapo. Ukishikwa umezidisha kwa 21, huna faini ya papo hapo kwenye orodha ile, njia yako ni mahakama peke yake. Kwa hivyo mtu akikusimamisha na kukwambia umezidisha kwa kilomita 30, kisha akakutajia faini ya "hapa hapa", jua ya kwamba hiyo hakuisoma kwenye kanuni yoyote.

Sasa neno lenyewe, "papo hapo", limetuponza. Watu wamelisikia wakadhani polisi ndiye hakimu: anakushika, anakuhukumu, anakutoza, mambo yamekwisha. Sivyo. Afande hana mamlaka ya kukutia hatiani. Anachoweza ni kukushtaki. Ilani ni shtaka, na orodha ya bei ni njia ya mkato kwa yule anayekubali kwamba ametenda. Ukikubali, unaandika kwamba umekiri, unalipa kiasi kilichopangwa kwa njia rasmi, unapewa risiti, na kesi haisikizwi. Usipokubali, unafika mahakamani siku iliyoandikwa na kusema hukutenda. Hapo ni wao watakaotafuta ushahidi, maana Katiba kifungu cha 50 inasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe kwamba anayo.

Kuna wanaouliza, "Na nikimpa mia mbili ya chai?" Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Umetoka kwenye kosa la mkanda ukaingia kwenye kosa la jinai kubwa kwa mkono wako mwenyewe. Hilo nitaliacha hapo, maana sikuja kuhubiri.

Niwape kisa. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asijulikane, lakini mwendo wa kesi ni huo huo.

Kijana mmoja hubeba nazi na madafu kwa pikapu kutoka huku Kilifi kupeleka soko la Kongowea. Asubuhi moja alisimamishwa kabla ya kuingia mji mdogo kwenye barabara ya Malindi kwenda Mombasa. Afande akamsalimia vizuri tu, akaangalia leseni, akaangalia bima, akamwambia, "Kijana, ulikuwa 64. Hapa ni 50." Ndani ya mji au senta ya biashara sheria imeweka kilomita 50 kwa saa, hilo ni kweli. Amezidisha kwa 14, kwa hivyo kwenye ngazi zetu ni shilingi 3,000.

Kijana akaomba aone. Hilo ndilo jambo la kwanza nililompendea. Hakubisha, hakupandisha sauti, alisema tu, "Afande, naomba nione ile kamera." Akaonyeshwa. Kwenye kioo kulikuwa na gari jeupe kwa mbali, namba haisomeki, tarakimu 64, na pembeni saa imeandikwa 06:31. Yaani saa 12:31 asubuhi.

Kijana akatazama saa ya simu yake. Ilikuwa saa 1:05.

Akasema, "Afande, mimi saa 12 na nusu nilikuwa bado sijafika hapa." Akajibiwa kwamba mashine haisemi uongo, na kama hataki kulipa basi ataandikiwa aende kortini, na korti huko si 3,000. Akasema, "Niandikie." Ilani ikaandikwa, na afande mwenyewe kwa mkono wake akaandika kwamba kosa limetendeka saa 1:05 asubuhi.

Kabla sijaendelea, tazameni alichofanya kijana pale kando ya barabara, kwa maana mimi nilikuja kutumia kila kipande cha kazi yake. Alisoma jina na namba ya afande kwenye sare akaviandika. Alijiandikia ile saa ya kwenye kamera. Alipiga picha kibao cha 50 na mahali gari lilipokuwa limesimama. Hakutia sahihi mahali popote pa kusema amekubali kosa, ila pa kupokea ilani tu. Na jioni alipofika nyumbani alifungua simu akatafuta ujumbe wa M-Pesa wa asubuhi ile, alipolipia mafuta. Alilipia Kilifi mjini, saa 12:14.

Fanyeni hesabu nami. Kutoka pale penye mafuta hadi pale aliposimamishwa ni kama kilomita 40. Kama yeye ndiye aliyeko kwenye picha ya saa 12:31, basi alikwenda kilomita 40 kwa dakika 17. Huo ni mwendo wa kilomita 140 kwa saa na zaidi, na pikapu imejaa nazi! (Hapa watu walicheka, na mzee mmoja akasema pikapu ile ingemwaga nazi mpaka Takaungu.)

Lakini msicheke mapema. Nilipoiona hesabu hiyo mara ya kwanza nilifurahi, halafu nikaipitia tena kwa jicho la upande wa pili. Ushahidi wa saa una makali pande mbili. Kama angesimamishwa saa 12:50, kiongozi wa mashtaka angesema: kilomita 40 kwa dakika 36, wastani wako ni 67, na umepita miji njiani, sasa tuambie ulipita wapi kwa 50? Bahati yake ilikuwa saa 1:05. Dakika 51, wastani chini ya 50. Kabla hujapeleka risiti ya mafuta kwa hakimu, ipigie hesabu kwanza.

Kwa kuwa alikataa, alipelekwa kituoni. Hapa wengi huvunjika moyo, kwa sababu wanafikiri watalala ndani. Katiba kifungu cha 49 kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6. Kwa makosa haya madogo kituo hukupa dhamana, kwa kawaida ya pesa taslimu, ile nyinyi mnayoiita keshibeli. Yeye alitozwa 5,000. Akalipa, akadai risiti, na akaandika namba ya OB, yaani kitabu cha matukio.

Na hapa pana kosa ninaloliona kila wiki. Dereva analipa keshibeli, anaondoka, anasema "nimelipa faini." Hujalipa faini, ndugu yangu. Umeweka amana kwamba utarudi. Usipofika siku ile, pesa zinachukuliwa, na hakimu anaweza kutoa hati ya kukukamata. Miezi minane baadaye umesimamishwa kwa taa ya nyuma, jina lako linatoka, unalala ndani kwa jambo ulilodhani ulilimaliza.

Siku ya kwanza mahakamani haina mashahidi. Ni siku ya kusomewa shtaka na kujibu. Chumba kimejaa, kila mtu ana haraka, majina yanaitwa kama ya wanafunzi asubuhi. Nitawaonyesha aliyetangulia mbele ya kijana wetu, maana ndiye aliyenifundisha jinsi watu wanavyojifunga. Alikuwa dereva wa Probox, mtu mzima, shtaka lake ni kukaidi alama ya barabarani. Karani akamsomea, akamuuliza, "Kweli au si kweli?"

Akajibu, "Ni kweli mheshimiwa, lakini alama yenyewe ilikuwa imeanguka ndani ya mtaro."

Sikilizeni lile "lakini". Kwa macho ya sheria yule bwana hajakiri. Amesema alama haikuwapo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, jinsi mtu anavyopaswa kukiri mbele ya hakimu. Asomewe shtaka kwa lugha anayoielewa. Akikiri, maneno yake yaandikwe. Kisha upande wa mashtaka ueleze jinsi mambo yalivyokuwa, na mshtakiwa aulizwe kama maelezo hayo ni sahihi. Akipinga jambo la maana katika maelezo, au akaongeza neno linaloonyesha kwamba huenda hana hatia, hakimu anatakiwa abadilishe jibu lake na kuandika kwamba amekana.

Siku ile hakimu alikuwa mtu makini. Akamuuliza tena, "Alama ilikuwapo au haikuwapo?" Yule bwana akatazama umati nyuma yake, akaona foleni, akawaza mzigo ulio kwenye gari. Akasema, "Wacha tu mheshimiwa, ni kweli." Akatozwa faini, akaenda zake.

Alinifuata nje ananiuliza kama anaweza kukata rufaa. Ilinibidi nimwambie yaliyomo kwenye Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kifungu cha 348: ukitiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, huna rufaa ya kusema hukutenda. Unaloweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu, au kwamba adhabu haikuwa halali. Labda uonyeshe kwamba kule kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, na yeye alikuwa ameulizwa mara mbili. Alama ya mtaroni hakuna mahakama itakayoisikia tena.

Kwa hivyo jibu ni moja kati ya mawili, kweli au si kweli. Kama una "lakini", jibu lako ni "si kweli", na ile "lakini" utaieleza zamu yako ikifika. Na kama lugha inayosemwa huielewi sawasawa, sema. Kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa mkalimani bila malipo. Nimewahi kuona mzee wa Kigiriama akiitikia kwa kichwa Kiingereza cha shtaka, na alichokuwa akiitikia ni salamu.

Kijana wetu alisema, "Si kweli." Hapo nikasimama nikaomba tupewe ushahidi: taarifa ya afande iliyoandikwa, nakala ya picha ya kamera, na cheti cha kuonyesha kwamba kamera imepimwa na inasoma sawa. Ombi hilo si la mawakili tu. Katiba inampa mshtakiwa yeyote haki ya kujulishwa mapema ushahidi utakaotumika dhidi yake na kuupata. Unasimama, unasema, "Mheshimiwa, naomba nakala za taarifa za mashahidi na picha kabla ya siku ya kusikizwa." Hakimu anaandika. Ukinyamaza, hakuna atakayekuletea.

Picha tuliyopewa ilikuwa ile ile. Gari jeupe, 64, saa 12:31. Cheti cha kupimwa hakikuja.

Siku ya kusikizwa kesi, shahidi alikuwa afande peke yake. Kuna jambo kwenye kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki ambalo ningependa kila dereva alijue. Huwezi kutiwa hatiani kwa mwendo wa kasi kwa sababu tu shahidi mmoja amesema kwamba kwa maoni yake ulikuwa unakimbia. Jicho moja halitoshi. Ndiyo maana kamera ni muhimu kwao: bila kamera, wanabaki na maoni. Kwa hiyo kesi ya mwendo huvunjika au husimama pale kwenye kamera, na maswali yako yaelekee huko. Swali la "kwa nini ulinisimamisha mimi na magari mengine yalipita" ni la uchungu, nalielewa, lakini kwa hakimu halina kazi. Kwamba mwingine alikosa na hakushikwa hakukuondolei kosa lako.

Mimi nilimuuliza afande mambo machache kwa sauti ya upole, maana naye ni mfanyakazi aliyesimama juani. Nani alikuwa ameshika kamera? Akasema mwenzake, aliyekuwa mbele kama nusu kilomita, ndiye aliyempigia simu. Mwenzake yuko wapi? Hakuja. Kwa hivyo wewe hukuliona gari likipimwa? Sikuliona. Namba ya gari kwenye picha inasomeka? Haisomeki vizuri. Saa kwenye picha? 12:31. Saa uliyoandika kwenye ilani kwa mkono wako? 1:05. Gari lilichukua dakika 34 kwenda nusu kilomita?

Akafikiri, akasema saa ya kamera huenda haikurekebishwa.

Jibu hilo huenda lilikuwa la kweli kabisa. Sidhani yule afande alikusudia kumwonea mtu. Asubuhi yenye foleni, magari meupe kumi, simu inakoroma, jina la rangi linatajwa na kila pikapu nyeupe inakuwa mshukiwa. Lakini jibu lile lilizaa swali lingine: kama saa ya mashine hamkuirekebisha, mheshimiwa atajuaje kwamba kipimo cha mwendo kilirekebishwa? Cheti kiko wapi? Hakikuwapo.

Tena kulikuwa na karatasi nyingine iliyokosekana. Picha iliyochapwa kutoka kwenye mashine ni ushahidi wa kielektroniki, na Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka iambatane na cheti cha mtu anayehusika na mashine hiyo, akieleza jinsi picha ilivyotolewa na kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sawa na mtu akikuletea picha ya ukurasa wa WhatsApp kusema anakudai: nani aliichukua, kwa simu gani, haikuguswa? Picha yetu ilikuja peke yake kama mtoto aliyepotea sokoni.

Upande wa mashtaka ulipofunga, hakimu alisema hapana kesi ya kujibu, akamwachilia kwa kifungu cha 210 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Ule ujumbe wa M-Pesa hatukuwahi hata kuutoa. Ilitokea hivyo: ushahidi wangu bora ulibaki mfukoni, kwa sababu wao hawakufika mahali pa kutuhitaji tujibu.

Sasa, ningekuwa mwongo kama ningewaacha hapo mkidhani kila mtu aende kortini. Tuhesabu gharama. Faini ilikuwa 3,000. Kijana alifika mahakamani mara nne: kusomewa, kutajwa, siku moja ambayo shahidi hakutokea ikaahirishwa, na siku ya kusikizwa. Siku nne bila kupeleka nazi Kongowea. Mimi sikumtoza kwa sababu ya ujirani, ila wakili mwingine angemtoza zaidi ya ile faini. Kwa pesa peke yake, alipata hasara, na alijua. Alichokuwa akikilinda ni leseni yake na jina lake kwa tajiri mwenye gari, ambaye alikuwa amesema dereva akishikwa kwa mwendo anaacha funguo.

Na iko hatari nyingine. Bei za orodha ni za anayekiri kwa njia ya mkato. Ukikana, ukasikizwa, ukashindwa, hakimu hafungwi na ile 3,000. Kwa mwendo wa kasi Sheria ya Trafiki inaruhusu faini hadi shilingi 100,000. Sisemi utatozwa hizo kwa kuzidisha kilomita 14, lakini mlango uko wazi. Afande alipomwambia kijana "korti si 3,000", hakuwa anadanganya. Alichoacha kusema ni kwamba korti inaweza pia kuwa sufuri.

Kwa hivyo mimi mtu akiniuliza, namuuliza kwanza: ulitenda? Kama mkanda hukufunga na unajua hukufunga, kiri, lipa 500 kwa njia rasmi, chukua risiti, nenda kazini. Usiende kortini kwa sababu afande alikujibu vibaya. Nenda kama jambo lenyewe si la kweli na una kitu cha kuonyesha, au kama ushahidi wao una tundu unaloliona kwa macho, kama lile la saa. Hasira haikubaliwi kama kielelezo.

Bibi mmoja pale amenyoosha mkono tangu zamani. (Aliuliza: polisi asipokuja kutoa ushahidi kabisa, inakuwaje?)

Swali zuri, mama. Mara ya kwanza hakimu kwa kawaida ataahirisha. Ikiendelea hivyo, mambo mawili huweza kutokea, na tofauti yake ni kubwa. Kiongozi wa mashtaka anaweza kuiondoa kesi kwa kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Hapo unaachiliwa, lakini wanaweza kukushtaki tena kwa jambo hilo hilo wakimpata shahidi wao. Au hakimu anaweza kukataa kuahirisha tena, na mashtaka wakakosa shahidi wa kuleta. Ukiachiliwa kwa kukosekana ushahidi umeachiliwa kabisa. Kwa hivyo ukisikia "kesi imeondolewa", usitoke mbio kwa furaha. Muulize karani imeondolewa kwa kifungu gani, uandike.

Na kwa wale watakaosikizwa wakashindwa, siku zenu za kukata rufaa Mahakama Kuu ni 14 tangu hukumu. Siku ya hukumu yenyewe omba nakala ya mwenendo wa kesi, usingoje wiki ya pili.

Nimebakisha keshibeli ya kijana. Kuachiliwa kulikuwa Jumanne. Akarudi na risiti ya 5,000 kudai amana yake, akaambiwa faili haijarudi kutoka kwa hakimu. Akarudi tena, akaambiwa alete nakala ya kitambulisho na namba ya akaunti. Mara ya tatu akakuta aliyekuwa akilishughulikia jambo hilo yuko likizo. Risiti ilikuwa imeshachakaa kwenye mkunjo, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni wa unga. Pesa ziliingia mwezi wa tatu tangu aachiliwe, ujumbe ukamkuta yuko njiani na mzigo, pale pale barabarani, akaegesha pembeni ndipo akausoma.

Mwenyekiti, nafikiri kuna maswali mengine. Yule kijana wa kofia nyekundu alianza kwanza.